Uso Unapopotea Kichwa Kikigeuka Ghafla: Namna ya Kuokoa Video ya Kubadili Uso

Kila anayehariri video ya kubadili uso hukutana na tatizo hili mapema. Mwigizaji akitazama mbele, sura mpya inakaa vizuri. Akigeuza kichwa haraka, kwa robo ya sekunde hivi inachomoka sura ya mtu mwingine, kisha ile mpya inarudi. Mtazamaji huenda asieleze alichokiona, lakini ameshtuka, na tukio limeharibika.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia kushusha kipimo kimoja kwenye programu na kurudia video nzima. Wakati mwingine inasaidia, mara nyingi haisaidii, kwa sababu chini ya dalili hiyo moja kuna matatizo mawili tofauti. La kwanza, programu haikuuona uso kabisa. La pili, iliuona, lakini ikaamua kwamba huyo siye mtu uliyemchagua, ikamwacha. Dawa ya la kwanza haigusi la pili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kutambua ni lipi limekupata, na kwenye fremu zipi.

Nitatumia mfano wa tukio la filamu fupi iliyopigwa kwenye mashamba ya chai Rungwe. Mwigizaji mkuu alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, hivyo mdogo wake akakimbia badala yake, na sura ya dada ikawekwa baadaye. Wote wawili waliridhia kwa maandishi kabla kamera haijawashwa. Bila ridhaa ya namna hiyo, ya mwenye sura na ya anayewekewa, usiianze kazi hii. Sura ya mtu ni taarifa inayomtambulisha, na hapa Tanzania tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Tukio lenyewe ni fupi, sekunde 4. Binti anakimbia kwenye njia ya udongo kuja kwenye kamera, anaitwa, anageuka kutazama begani, kisha anarudisha kichwa mbele. Nyuma yake wapo wachuma chai wawili ambao nyuso zao zinaonekana. Ilikuwa asubuhi ya Juni yenye ukungu, na simu iliachwa ijipangie mwanga yenyewe. Programu iliyotumika ni FaceFusion, na majina ya vitufe nitakayotaja ni ya humo.

1. Tengeneza faili lenye mwendo ulio sawa

Simu nyingi hazipigi fremu kwa mwendo usiobadilika. Zinaandika 30 kwa sekunde, lakini mwanga ukipungua zinapunguza fremu kimyakimya. Ukianza kazi na faili la namna hiyo, namba za fremu hazitalingana kati ya programu moja na nyingine, na sauti inaweza kuhama. Anza kwa kulisawazisha kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, kisha toa fremu zote kama picha. Folda inayoitwa `fremu` uwe umeshaitengeneza.

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 14 -c:a copy kipande.mp4
ffmpeg -i kipande.mp4 -start_number 0 fremu/%04d.png
```

Hiyo `-start_number 0` ni muhimu. Kitelezi cha FaceFusion kinaanza kuhesabu fremu kwenye sifuri, wakati ffmpeg ikiachwa yenyewe huanza kwenye moja. Usipozilinganisha hapa, kila fremu utakayorekebisha baadaye itakuwa ya jirani.

2. Pima mara mbili kabla ya kubadili chochote

Kwenye PROCESSORS zima `face_swapper`, washa `face_debugger`. Kwenye orodha ya vitu vya kuonyeshwa chagua `bounding-box`, `face-landmark-5` na `face-detector-score`. Hapo programu haibadili sura. Inachora sanduku kuzunguka kila uso ilioupata, nukta tano (macho mawili, pua, pembe mbili za mdomo), na alama inayoonyesha ina uhakika kiasi gani kwamba pale pana uso.

Sasa endesha kipande mara mbili. Mara ya kwanza weka FACE SELECTOR MODE kuwa `many`, yaani chora kila uso. Mara ya pili weka `reference`, yaani chora uso wa yule niliyemchagua tu. Kisha pitia fremu moja moja kwenye matokeo yote mawili na uandike namba kwenye karatasi. Inachosha kidogo, lakini ndiyo hatua inayokuokolea usiku mzima wa kubahatisha.

Fremu ambayo binti hana sanduku hata kwenye `many` ni fremu ambayo uso haukuonekana. Fremu ambayo ana sanduku kwenye `many` lakini hana kwenye `reference` ni fremu ambayo uso umeonekana ukakataliwa.

Katika mfano wetu karatasi ilitoka hivi. Kichwa kinaanza kugeuka fremu ya 61, kinafika begani 68, kinatulia hapo hadi 75, kinarudi mbele kati ya 76 na 83. Kwenye `many` sanduku lilikosekana fremu za 64, 65, 66, halafu 79 na 80. Kwenye `reference` zilikosekana hizo hizo, na kuanzia 67 mpaka 78 zote. Ukiitazama video kwa macho unaona pengo moja refu. Karatasi inaonyesha mapengo ya aina mbili: katikati ya mwendo, kasi ilipokuwa kubwa, uso haukuonekana. Kichwa kilipokuwa kimegeuka upande, uso ulionekana vizuri ukakataliwa.

3. Fremu ambazo uso haukuonekana

Hapa chanzo ni picha kuvutika. Kichwa kinazunguka huku shata ya kamera ikiwa wazi, macho na pua vinapakwa kwenye picha kuwa mistari, na programu haipati umbo la kushika.

Hesabu yake inafaa kuijua. Kichwa kikigeuka nyuzi 90 kwa robo ya sekunde, kwa fremu 30 kila fremu ina nyuzi 12. Ncha ya pua iko kama sentimita 10 kutoka kwenye mhimili wa shingo, kwa hiyo inasafiri karibu sentimita 2 ndani ya fremu moja. Uso wenye upana wa sentimita 15 ukichukua pikseli 250 kwenye picha, hizo sentimita 2 ni pikseli kama 35. Shata ikikaa wazi 1/30 ya sekunde, karibu safari hiyo yote inaandikwa kama mvutiko. Jicho lenyewe halifiki pikseli 60 kwa upana. Ndiyo maana halibaki jicho la kuonekana.

Punguza FACE DETECTOR SCORE kutoka 0.5 hadi 0.35, lakini kwa eneo la mgeuko tu. Weka TRIM FRAME ianze 55 na iishie 90, rudia `face_debugger` kwenye `many`, tazama. Katika mfano, fremu za 64, 66 na 80 zilipata sanduku. 65 na 79, ambazo ndizo za kasi kuliko zote, hazikupata.

Usiendelee kushuka tu kwa sababu namba inaruhusu. Chini ya 0.3 hivi programu huanza kuona nyuso pasipo na nyuso: kwenye maua ya kitenge, kwenye mikunjo ya gunia, kati ya majani ya chai. Utajua kwa sanduku linalotokea fremu moja na kutoweka inayofuata, na nukta zake tano hazikai kama macho na mdomo. Tazama pia nukta za fremu ulizookoa. Sanduku likiwapo lakini macho mawili yamewekwa juu ya pua, sura mpya itabandikwa imepinda, na hiyo ni mbaya kuliko kuikosa. Fremu hiyo ihesabu kama iliyopotea, uipeleke hatua ya 5.

Kama kichwa kinalala upande, tuseme mchezaji wa ngoma anayekitupa hadi sikio likaribie bega, ongeza 90 na 270 kwenye FACE DETECTOR ANGLES. Programu itaizungusha picha na kutafuta tena. Kazi itachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo usiiwashe kwa mtu aliyesimama wima.

4. Fremu ambazo uso ulikataliwa

Kwenye `reference`, programu inaugeuza kila uso kuwa mfululizo wa namba na kupima umbali wake kutoka kwa uso uliouchagua. Umbali ukizidi kiwango cha REFERENCE FACE DISTANCE, uso unaachwa. Sasa uso uliouchagua ulikuwa unatazama mbele. Nusu ya uso, yenye jicho moja na ukingo wa pua, inatoa namba zilizo mbali sana na hizo, hata kama mtu ni yuleyule. Kushusha FACE DETECTOR SCORE hapa hakufanyi lolote, maana uso ulishaonekana.

Unaweza kulegeza umbali huo, na ndiyo dawa inayotajwa sana. Ogopa kuitumia penye watu. Katika mfano, umbali ulipolegezwa kiasi cha kuzishika fremu za 70 hadi 75, sura ya dada ilimrukia mchuma chai mmoja aliyekuwa nyuma, kwa fremu kadhaa.

Njia bora ni kubadili namna ya kuchagua kwa sehemu hiyo peke yake. Ukiwa bado kwenye fremu 55 hadi 90, weka FACE SELECTOR MODE kuwa `one` na FACE SELECTOR ORDER kuwa `large-small`. Programu itachukua uso mkubwa kuliko zote kwenye kila fremu bila kuuliza ni wa nani. Binti yuko karibu na kamera, wachuma chai wako mbali, basi mkubwa ni wake siku zote. Jihadhari na fremu ambazo uso wake bado haujaonekana, kama 65 na 79, kwa sababu hapo mkubwa anakuwa mchuma chai, na sura itamwendea yeye. Fremu hizo ziandike, utazirudishia picha ya asili.

Ikiwa watu wako karibu kwa karibu na ukubwa haukusaidii, baki kwenye `reference` lakini sogeza kitelezi hadi fremu ya 72, kisha chagua uso wake upya pale alipogeuka. Sasa kipimo ni nusu ya uso dhidi ya nusu ya uso, na umbali unakuwa mdogo. Endesha fremu za upande tu kwa rejea hiyo mpya.

Kuna kikomo hapa. Kuushika uso wa upande si sawa na kuubadili vizuri. Sura mpya inapangwa kwa kufuata zile nukta tano, na kichwa kikipita nyuzi 75 hivi, jicho la pili na pembe ya pili ya mdomo havionekani tena. Programu inakisia vilipo. Matokeo yake ni pua iliyobanwa, au shavu linalotetemeka fremu hadi fremu huku mtu ametulia. Mtetemo huo ndio wa kuuangalia. Katika mfano, fremu za 67 hadi 69 na 76 hadi 78 zilikubalika. 70 hadi 75 hazikukubalika hata baada ya kushikwa, kwa hiyo ziliachwa na uso halisi wa mdogo mtu. Na haikuonekana vibaya hata kidogo: nywele zilisukwa mtindo mmoja, hereni zile zile, rangi ya ngozi ya ndugu wawili, na upande wa uso hauna mengi ya kumtofautisha mtu. Ukichagua mtu wa kuigiza badala ya mwingine, tazama kwanza sikio, taya na rangi ya shingo. Ndivyo vitakavyobaki vyake.

Ukiacha hivyo, usikate ghafla. Kwenye 67, 68 na 69 changanya picha mbili: sura mpya ibaki na nguvu robo tatu, nusu, robo, kisha itoke; kwenye 76, 77 na 78 fanya kinyume. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, ni kuweka picha ya asili chini, iliyobadilishwa juu, na kupunguza Opacity ya tabaka la juu kuwa 75, 50, 25.

5. Fremu zilizobaki: kwa mkono

Endesha sasa video nzima kwa mipangilio ya kawaida na `face_swapper`, utoe picha zake zote kwenye folda moja iitwayo `kazi`, ukianza tena na sifuri. Kisha endesha sehemu ya 55 hadi 90 kwa mipangilio ya mgeuko, faili lake uliite `sehemu.mp4`, na uziweke picha zake juu ya zile za kwanza:

```
ffmpeg -i sehemu.mp4 -start_number 55 kazi/%04d.png
```

Kabla ya kuendelea, fungua `0055.png` kwenye `kazi` na kwenye `fremu` uzilinganishe. Mkono na mguu viwe mahali pale pale. Visipokuwa, namba zimehama kwa moja, rekebisha hapo hapo.

Fremu za 70 hadi 75 nakili kutoka `fremu`, kama ilivyoamuliwa hatua ya 4, na 65 na 79 pia, ili kumwondolea mchuma chai sura isiyo yake. Halafu fungua 65 kwenye GIMP. Chukua uso uliobadilishwa kutoka 64, ukate kwa ukingo laini kuanzia juu ya nyusi hadi chini ya kidevu, usiguse nywele wala masikio. Ubandike kwenye 65, katikati ya pale uso ulipo kwenye 64 na pale ulipo kwenye 66, ukiubana kidogo kwa upana kwa sababu kichwa kimegeuka zaidi. Kisha ingia Filters, Blur, Linear Motion Blur. Urefu uwe ule mvutiko unaouona kwenye hereni au ukingo wa nywele wa fremu hiyo hiyo. Kwetu ulikuwa pikseli 30 na kidogo, na pembe ikafuata mwelekeo wa mgeuko. 79 nayo fanya vivyo hivyo, kwa uso wa 80.

Hatua hiyo ya kuuvuta uso usiiruke, hata kwenye fremu ambazo programu ilizipata yenyewe. Sura mpya hutoka ikiwa safi na makini, wakati kichwa kinachoibeba kimevutika. Uso unaonekana kama stika iliyobandikwa juu ya kichwa kinachokimbia. Fremu za 63, 64, 66, 67, 80 na 81 zote zilihitaji kiasi chake, ndogo pale kasi ilipokuwa ndogo.

Wanaotumia DeepFaceLab, programu nyingine ya kubadili uso, wana njia nyingine. Kwenye folda ya `aligned_debug` futa picha za fremu zilizokosewa, kisha endesha faili hili:

```
5) data_dst faceset MANUAL RE-EXTRACT DELETED ALIGNED_DEBUG.bat
```

Litakufungulia fremu hizo moja moja, nawe utaweka umbo la uso kwa kipanya. Kwa video ndefu yenye migeuko mingi, hiyo ni haraka kuliko GIMP.

Ukimaliza, unganisha pamoja na sauti ya awali:

```
ffmpeg -framerate 30 -start_number 0 -i kazi/%04d.png -i kipande.mp4 -map 0:v -map 1:a -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p -c:a copy mwisho.mp4
```

Tazama kwanza kwa kasi ya kawaida, kwenye simu, bila kusimamisha. Fremu moja yenye dosari usiyoiona kwa kasi ya kawaida haihitaji dakika zako nyingine ishirini. Ukiona mshtuko, ndipo usimamishe na kutafuta namba.

6. Kama bado unaweza kupiga tena

Hesabu ya hatua ya 3 inakuambia pa kugusa. Mgeuko ule ule, shata ikiwa 1/50, unavutika pikseli 21. Ikiwa 1/100, ni 10. Ikiwa 1/200, ni 5, na kwenye 5 jicho linabaki jicho. Mvutiko ulioukosa utauongeza mwenyewe mwishoni, juu ya uso na kichwa kwa pamoja, na utakaa sawa kuliko kuubandika kwenye uso peke yake.

Shida ya kwetu huku Nyanda za Juu ni mwanga. Asubuhi ya ukungu Rungwe, au jioni Mbeya mjini jua likishajificha, simu iliyoachwa ijipangie inafungua shata muda mrefu ili picha isiwe giza, na ndiyo inayokupa 1/30. Tumia kamera ya simu yenye mipangilio ya mkono, funga shata kwenye 1/200, kisha pandisha ISO hadi picha iwe na mwanga wa kutosha. Itakuwa na chengachenga. Chengachenga kidogo programu inazivumilia, mvutiko haiuvumilii. Kama bado ni giza, subiri ukungu upande, au hamisha tukio saa nne asubuhi.

Ndani ya nyumba hali ni nyingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/200 chini ya taa hizo inaweza kuleta michirizi ya giza inayopita kwenye picha, na michirizi ikivuka uso itakupotezea fremu zaidi ya zile ulizotaka kuokoa. Chini ya taa baki kwenye 1/100, na mwelekeze mwigizaji ageuke kwa theluthi ya sekunde badala ya robo. Kwenye skrini mgeuko huo bado ni wa ghafla, na mvutiko wake haufiki pikseli 8.